Nimebadilisha nenosiri la Gmail, mbona tovuti bado inaingia kwenye Drive yangu?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Nina kampuni ndogo ya kupeleka wageni mlimani na mbugani, ofisi yangu iko Sakina, Arusha. Kila tovuti ikiniletea 'Continue with Google' au ya Facebook, mimi nabonyeza tu nipite. Mwezi uliopita kijana aliyekuwa ananisaidia ofisini aliacha kazi, nikabadilisha nenosiri la Gmail siku hiyohiyo. Juzi nimefungua mipangilio nikakuta tovuti ya kuunganisha PDF bado ina ruhusa ya kuingia kwenye Drive, na humo ndimo zilimo pasipoti za wageni. Ina maana tovuti zote hizi zina nenosiri langu? Na nikizifuta, si nitapoteza akaunti zangu za huko?"*

Dada, tuanze na la kukutuliza: tovuti hizo hazina nenosiri lako. Unapobonyeza kile kitufe, tovuti inakuhamisha kwenda ukurasa wa Google wenyewe, na nenosiri unaliandika huko. Google ikisharidhika kwamba ni wewe, inairudishia tovuti taarifa chache: jina lako, barua pepe, picha yako, na namba ya utambulisho wa akaunti yako ambayo haibadiliki. Kwa namba hiyo tovuti inakutambua kila unaporudi. Facebook nayo hufanya kazi kwa namna hiyohiyo. Cha kuangalia ni kimoja tu, kwamba ukurasa unaokuomba nenosiri uwe kweli na anwani ya `accounts.google.com` yenyewe au ya `facebook.com` yenyewe. Matapeli hutengeneza kurasa zinazofanana na hizo kila kitu isipokuwa anwani ya juu.

Sasa lisilotuliza. Kitufe kile kimoja kinaweza kubeba mambo mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kuingia tu, yaani hizo taarifa chache nilizozitaja na basi. La pili ni kuipa tovuti ruhusa ya kufanya kazi ndani ya akaunti yako: kusoma barua, kuchukua namba za simu za watu wako, kufungua mafaili ya Drive. Hilo la pili huja na ukurasa wa ziada wenye orodha ya ruhusa na kitufe cha kukubali, na hapo ndipo mtu mwenye mgeni anayesubiri mapokezi anabonyeza bila kusoma. Tovuti yako ya PDF imepita mlango huo wa pili.

Ukikubali, Google inaipa tovuti kitu kinachoitwa tokeni. Ni mfuatano mrefu wa herufi na namba ambao kompyuta za tovuti hiyo huutunza na kuuonyesha kila zinapotaka kuingia kwenye Drive yako. Tokeni ya Drive haina uhusiano na nenosiri lako jipya wala la zamani. Ni sawa na kubadilisha kitasa cha mlango wa mbele wakati mtu alishapewa ufunguo wake wa stoo. Tokeni hiyo inafanya kazi hata ukiwa umelala na simu imezimwa, na haipiti tena kwenye namba ya uthibitisho inayotumwa kwa meseji, kwa sababu uthibitisho ulishafanyika siku ile ulipokubali.

Hapa kuna jambo ambalo nadhani ndilo limekuchanganya. Google imeweka utaratibu kwamba tokeni yenye ruhusa ya kuingia Gmail hufa pale nenosiri linapobadilishwa. Yenye ruhusa ya Drive pekee haifi. Kwa hiyo kama ulikuwa na programu mbili, moja ya kusoma barua na nyingine ya mafaili, ile ya barua ilikatika siku uliyobadilisha nenosiri na hii ya PDF ikaendelea kama kawaida. Ungeweza kuiacha bila kuitumia ikafa yenyewe, maana tokeni ya Google isiyotumiwa miezi 6 hukoma, lakini anayeitumia ni tovuti. Hujui inaitumia lini.

Mfano unaoonyesha uzito wa hili ulitokea Mei 2017. Watu walipokea barua iliyoonekana kama mtu wanayemfahamu amewashirikisha faili. Wakibonyeza, walifika kwenye ukurasa halisi wa Google, wenye anwani halisi, unaowaomba waruhusu programu iliyojiita "Google Docs" isome barua zao na namba zao. Jina lilikuwa la uongo, ukurasa ulikuwa wa kweli. Aliyekubali, programu ilijituma yenyewe kwa watu wote aliowasiliana nao. Google iliizima ndani ya takriban saa moja na ikasema waliofikiwa hawakufika asilimia 0.1 ya watumiaji wa Gmail. Hakuna nenosiri lililoibwa katika tukio lile. Dawa yake ilikuwa kuondoa ruhusa.

Kabla hujaondoa chochote

Hofu yako ya kupoteza akaunti ina msingi, lakini si kwa namna unayodhani. Kuondoa muunganiko upande wa Google hakufuti akaunti yako kwenye ile tovuti. Akaunti inabaki huko na vyote vilivyomo. Kinachokatika ni njia ya kuingilia, na mara nyingi ukirudi ukabonyeza "Continue with Google" tena na kukubali upya, tovuti inakutambua kwa ile namba isiyobadilika na kukurudisha palepale.

Hatari ni pale unapotaka kuachana kabisa na njia ya Google au Facebook. Kwa tovuti unazozihitaji, kama ile inayokuletea oda za wageni, ingia kwanza kwa njia ya zamani, nenda kwenye mipangilio ya akaunti ya huko, uweke nenosiri la tovuti hiyo peke yake. Kama hakuna sehemu ya kuliweka, toka, kisha bonyeza "Forgot password" na uandike barua pepe ileile. Nyingi zitakutumia kiungo cha kuweka nenosiri jipya. Jaribu kuingia kwa nenosiri hilo kwenye simu nyingine. Likikubali, ndipo uende kukata.

Kwa Facebook kuna mtego unaowapata wengi hapa kwetu. Wengi tumefungua Facebook kwa namba ya simu, bila barua pepe. Ukiingia kwenye tovuti kwa akaunti ya namna hiyo, tovuti huenda haina barua pepe yako kabisa, na "Forgot password" haina pa kutuma kitu. Hapo sharti uingie kwa Facebook kwanza, uongeze barua pepe kwenye wasifu wako wa tovuti hiyo, uithibitishe, ndipo uendelee. Vilevile kama unatumia aifoni na uliwahi kuingia kwa akaunti ya Apple ukachagua kuficha barua pepe, tovuti inaijua ile anwani ndefu inayoishia na `privaterelay.appleid.com`, si ya Gmail yako, kwa hiyo ukiandika ya Gmail itakujibu kwamba haikutambui.

Na kama siku moja ulibonyeza Google na siku nyingine Facebook kwenye tovuti ileile, kuna uwezekano una akaunti mbili huko. Mtu akisema "oda zangu zimepotea", mara nyingi kaingia kwenye ile ya pili iliyo tupu.

Kuiondoa tovuti ya PDF, hatua kwa hatua

Fanya hili kwenye kompyuta ukiweza, maana orodha inaonekana vizuri zaidi.

Anza ndani ya tovuti yenyewe. Ingia, tafuta mipangilio, ufute mafaili yaliyobaki huko, kisha ufute akaunti kama unaona huihitaji tena. Kama unaibakiza, tafuta kitufe cha kutoka kwenye vifaa vyote. Sababu ni hii: ukishaingia, tovuti huweka kumbukumbu yake yenyewe kwenye kivinjari, na kumbukumbu hiyo haijali Google imesema nini baadaye. Kama kijana wako alikuwa ameingia kwenye tovuti hiyo kwa kompyuta yake mwenyewe, unaweza kukata muunganiko leo na bado kesho akawa ndani, akiona mafaili yaliyowahi kupakiwa huko. Ndiyo maana mpangilio wa hatua una maana.

Ukimaliza huko, fungua:

```
myaccount.google.com/connections
```

Kabla ya lolote, tazama picha ya duara juu kulia. Mtu mwenye Gmail ya binafsi na ya kampuni kwenye kompyuta moja mara nyingi huletewa ile ya kwanza, anakuta orodha safi, anafunga akiwa na amani wakati tatizo liko kwenye akaunti ya pili. Hakikisha ni ile yenye Drive ya pasipoti. Kwenye simu ya Android unafika kwa kufungua mipangilio, kisha Google, kisha usimamizi wa akaunti, halafu sehemu ya usalama, hadi uone "Your connections to third-party apps & services".

Bonyeza jina la tovuti usome maelezo yake. Usiishie kwenye jina, soma ruhusa. Ukiona "See, edit, create, and delete all of your Google Drive files", maana yake inaweza kuona, kubadilisha, kutengeneza na kufuta mafaili yako yote ya Drive, pamoja na lile ulilopakia dakika tano zilizopita. Kuna ruhusa nyingine inayofanana nayo lakini inasema "only the specific Google Drive files you use with this app". Hiyo inahusu mafaili uliyoyafungua wewe mwenyewe kupitia programu hiyo tu. Tofauti ya maneno hayo ni kubwa sana kwa mtu mwenye folda ya pasipoti. Na kama maelezo yanataja jina, barua pepe na picha peke yake, hiyo ni ya kuingia tu, haina haraka.

Chini ya maelezo utakuta kitufe cha kuondoa ruhusa, "Remove access", au cha kufuta miunganiko yote na tovuti hiyo. Maandishi ya vitufe hubadilika kidogo mara kwa mara, lakini maana ni hiyo. Thibitisha. Baadhi ya tovuti huonekana zikiwa na miunganiko miwili, wa kuingia na wa ruhusa, na ukiondoa mmoja mwingine unabaki, kwa hiyo rudi kwenye orodha uhakikishe.

Kisha fungua Drive kwenye kompyuta, bonyeza alama ya gia, ingia "Settings", halafu "Manage apps". Pale kuna orodha ya programu zilizounganishwa na Drive yenyewe. Kama ile ya PDF bado ipo, bonyeza "Options" na uchague "Disconnect from Drive".

Subiri kama saa moja, maana kwa ile tokeni kuu tovuti hupewa pia tokeni ndogo ya muda mfupi, yenye uhai wa takriban muda huo, na kukatika kunaweza kuchelewa kidogo. Halafu jaribu. Nenda kwenye ile tovuti ubonyeze kitufe cha kuchukua faili kutoka Drive. Ikikuletea tena ukurasa wa Google wa kuomba ruhusa, umefanikiwa. Funga ukurasa bila kukubali. Ikikuonyesha mafaili yako moja kwa moja, huenda umeondoa kwenye akaunti isiyo yenyewe au kuna muunganiko uliobaki.

Kwa Facebook, ingia mipangilio utafute "Apps and websites". Utaona zinazotumika na zilizokwisha muda. Facebook huiweka programu kwenye kundi la pili kama hujaitumia kwa siku 90, na hapo haiwezi tena kuomba taarifa zako zisizo za wazi, ila ilizokwisha chukua bado inazo. Bonyeza "Remove" mbele ya usizozihitaji. Lakini kwa mwenye ukurasa wa kampuni, orodha hiyo haitoshi. Programu zinazopandisha picha kwenye ukurasa au kujibu wateja ziko kwenye orodha nyingine, "Business integrations", ndani ya mipangilio hiyohiyo. Nimeona wengi wakisafisha ya kwanza bila kujua ya pili ipo. Na kijana wako, kama alikuwa mmoja wa wasimamizi wa ukurasa, haondoki kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Yeye anatolewa kwenye orodha ya watu wenye ufikiaji wa ukurasa.

Kwa Google pia, vitu viwili vinabaki nje ya haya yote. Tazama orodha ya vifaa kwenye sehemu ya usalama ya akaunti, uitoe kompyuta usiyoitambua. Na bonyeza kulia kwenye folda ya pasipoti, fungua "Share", uone kama kuna barua pepe yake pale au kama umeweka "Anyone with the link". Hiyo ni njia ya kawaida sana ya mfanyakazi aliyeondoka kubaki na mafaili, na haina tokeni wala programu ndani yake.

Kilichokwisha chukuliwa

Hapa sitakudanganya. Kuondoa ruhusa kunazuia kuanzia sasa. Kama tovuti ilishanakili faili, nakala hiyo iko kwao. Watu walilijua hili kwa uchungu mwaka 2018, habari za kampuni ya ushauri wa kisiasa ya Cambridge Analytica zilipotoka. Programu ya maswali ya haiba ilikuwa imeruhusiwa na watu kama 270,000, lakini kwa kupitia marafiki zao Facebook ilikadiria kwamba taarifa zilizofikiwa zinaweza kuwa za watu hadi milioni 87. Kuiondoa programu baadaye hakukurudisha kitu.

Unachoweza kufanya ni kuwaandikia. Kwenye ukurasa wao wa sera ya faragha tafuta anwani ya barua pepe, uwaeleze akaunti yako ilikuwa ipi na uwaombe wafute mafaili yote na wakujibu kwamba wamefuta. Tunza barua hiyo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Fahamu pia kwamba sheria hiyo inakugusa wewe mwenyewe, kwa sababu kampuni inayokusanya pasipoti za watu ni mkusanyaji wa taarifa na inatakiwa kujisajili kwenye Tume. Pasipoti ya mgeni aliyeshuka mlimani mwaka juzi haina kazi kwenye Drive yako. Ifute, kisha umwage na kapu la taka la Drive, maana faili linakaa humo siku 30 kabla ya kufutika lenyewe.

Je, uache kabisa kuingia kwa Google?

Nadhani hapana. Kwa tovuti ndogondogo, kuingia kwa Google ni salama kuliko kutumia nenosiri moja la zamani kila mahali, kwa sababu tovuti hizo ndizo zinazoibiwa kila mara na nenosiri lako likavuja nazo. Ubaya wake ni kwamba akaunti moja inashika zote: Google ikifungiwa au ikiibwa, umefungiwa kote. Kwa hiyo zile zinazogusa pesa na oda za wageni zipe nenosiri lake kila moja, na hiyo Google iwekee uthibitisho wa hatua mbili kama bado.

Ruhusa ya Drive nzima ndiyo ningekushauri uikatae kabisa. Tovuti ikitaka faili, pakua faili hilo moja kwenye kompyuta kisha ulipakie kwa mkono. Na kwa kazi yako huihitaji hata tovuti: programu ya Drive kwenye simu ya Android ina alama ya kamera ya kuskani, unapiga ukurasa wa kwanza wa pasipoti, unaongeza wa pili, na wa bima ya safari, vyote vinatoka kama PDF moja.

Wakati wa kumwona mtu ana kwa ana

Kama mgeni atakuambia amepokea barua kutoka kwako yenye namba ya akaunti ya benki usiyoijua, au ukikuta kwenye Gmail kanuni ya kupeleka barua mahali pengine ambayo hukuiweka, usiendelee peke yako. Mpigie mgeni simu kwanza asilipe, kisha benki, kisha nenda polisi ukiwa na barua hizo zimechapishwa pamoja na vichwa vyake vyote vya juu.

Kama barua pepe yako ni ya jina la kampuni na si ya `gmail.com`, kuna mtu mwenye mamlaka ya usimamizi juu yake, huenda ni aliyekutengenezea tovuti. Huyo anaweza kuona programu zilizounganishwa na akaunti zote za ofisi na kuzizuia kwa pamoja. Mwite mkae naye.

Na ukimpelekea fundi pale mjini, kaa pembeni yake. Nenosiri liandike wewe kwa mkono wako, namba ya uthibitisho isome wewe, na kazi ikiisha toka kwenye akaunti kwenye kompyuta yake kabla hujainuka.